"I na III tu": kupima kauli moja moja katika maswali ya kuchagua

Swali la kuchagua la kawaida huuliza jambo moja na kutoa majibu manne, moja likiwa sahihi. Lipo pia la namna nyingine, ambalo huwasumbua hata wanafunzi wanaolijua somo lao vizuri. Hili hutanguliza kauli tatu au nne zenye nambari za Kirumi, kisha chini yake huweka machaguo ambayo si majibu yenyewe, bali ni makundi ya kauli hizo: "I tu", "I na II tu", "I na III tu", "I, II na III". Mtahiniwa haambiwi ni kauli ngapi zilizo sahihi. Kazi yake ni kulitafuta kundi lililokusanya kauli zote za kweli na kuziacha nje zote za uongo.

Maswali haya yamezoeleka katika karatasi za sayansi za mpango wa kimataifa wa diploma ujulikanao kwa kifupi kama IB, unaofundishwa katika baadhi ya shule za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Karatasi ya kwanza ya kemia ya Cambridge ngazi ya juu ilikuwa nayo kwa miaka mingi. India huyatumia kwa wingi katika mchujo wa kuajiri watumishi wa serikali. Mitindo yao inatofautiana, na tofauti hizo zitaelezwa, lakini njia ya kuyajibu ni moja: kila kauli ihukumiwe peke yake kabla ya jicho kushuka kwenye machaguo.

Kwa nini peke yake? Kwa sababu swali la aina hii kwa kweli ni maswali matatu ya kweli au si kweli yaliyofungwa fundo moja. Kauli tatu, kila moja ikiweza kuwa kweli au uongo, hutoa michanganyiko minane. Ukiondoa ule ambao hakuna hata moja iliyo sahihi, inabaki saba. Mtahini huchagua minne kati ya hiyo saba na kuiweka mbele ya mtahiniwa. Anayeanza kwa kusoma machaguo hujikuta akilinganisha makundi manne kwa pamoja, kila kundi likiwa na kauli mbili au tatu, na kichwa hujaa kabla hajaamua lolote. Anayeanza na kauli ana maamuzi matatu tu ya kufanya, tena kila moja kwa wakati wake.

Mfano huu wa jiografia unaonyesha jinsi kazi inavyokwenda.

Kauli zipi kuhusu Ziwa Tanganyika ni sahihi?

I. Ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika.
II. Maji yake hutoka ziwani kupitia Mto Ruzizi.
III. Linapakana na nchi nne.

A. I na II tu
B. I na III tu
C. II na III tu
D. I, II na III

Kauli ya kwanza ni kweli. Kina cha ziwa hili hufika takriban mita 1,470, na duniani linatanguliwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Kauli ya tatu nayo ni kweli: nchi hizo ni Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Mtego umewekwa kwenye kauli ya pili. Mto Ruzizi upo kweli, na unakutana kweli na ziwa upande wa kaskazini, karibu na Bujumbura. Ila maji yake yanatoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika, hayatoki Tanganyika. Mto unaoyatoa maji ziwani ni Lukuga, upande wa Kongo, ambao huyapeleka hadi Mto Lualaba. Jibu ni B.

Kauli ya pili imetungwa na mtu anayejua namna mwanafunzi anavyosoma. Jina la mto ni sahihi, ziwa ni sahihi, uhusiano wao ni wa kweli. Kilichogeuzwa ni mwelekeo wa maji tu. Mwanafunzi aliyekwisha kukubali kauli ya kwanza bila shaka yoyote hufika kwenye ya pili akiwa na moyo wa kukubali, analiona jina analolifahamu, anapita. Kauli ya kweli humwachia jirani yake heshima isiyostahili. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kusoma kauli kama aya moja yenye mtiririko, ilhali hazina mtiririko wowote. Dawa yake ni kusimama baada ya kila kauli na kuuliza swali kamili: je, maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kupitia Ruzizi? Kauli ikigeuzwa kuwa swali, kumbukumbu hulazimika kutoa jibu badala ya kuitikia jina.

Alama ndogo za penseli pembeni mwa kila kauli husaidia sana: K kwa kweli, S kwa si kweli, na alama ya kuuliza pale ambapo hakuna uhakika. Alama ya kuuliza ni muhimu kuliko hizo mbili. Mtahiniwa asiyeitumia hulazimisha kila kauli iwe K au S, na baadaye hawezi tena kutofautisha anachokijua na alichokikisia. Akiulizwa kuhusu nchi zinazopakana na ziwa na akakumbuka tatu tu bila uhakika wa ya nne, basi aweke alama ya kuuliza na asonge mbele. Huenda machaguo yakamwonyesha kwamba hana haja ya kujua.

Rudi kwenye swali la Tanganyika uone. Mwanafunzi wa kwanza anajua kina cha ziwa na anazijua nchi nne, lakini hana uhakika na Ruzizi. Ana K, alama ya kuuliza, na K. Chaguo A linaanguka kwa kuwa halina kauli ya tatu, C linaanguka kwa kuwa halina ya kwanza. Yanabaki B na D, na hakuna ujanja wa kumwondoa hapo, kwa sababu tofauti ya B na D ni ile kauli moja asiyoijua. Mwanafunzi wa pili hajui kina wala idadi ya nchi, ila amekulia Uvira na anajua Ruzizi unakotoka na unakoelekea. Ana S moja na alama mbili za kuuliza. Lakini kauli ya pili imo katika A, C na D. Yote matatu yanafutika kwa mpigo, na B inabaki peke yake. Aliyejua kauli mbili amekwama, aliyejua moja amepata.

Si bahati. Katika mpangilio huu wa machaguo, ambao ndio IB iliupenda, kila chaguo lina angalau kauli mbili sahihi, kwa hiyo kauli ya uongo haiwezi kuzidi moja. Ukishaipata ya uongo, swali limekwisha. Ndiyo maana si lazima kuanza na kauli ya kwanza. Kuanza na ile unayoijua vizuri kuna faida, na ikiwa miongoni mwa kauli ipo inayonuka uongo, hiyo ndiyo ya kushikwa mapema.

Kaneno kadogo "tu" nako kanastahili kuangaliwa, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Chaguo "I na III tu" halisemi kwamba kauli ya kwanza na ya tatu ni kweli na kuishia hapo. Linasema pia kwamba ya pili ni uongo. Ni madai matatu. Mwanafunzi mwenye haraka huthibitisha kuwa kauli ya kwanza ni kweli, anaona chaguo "I tu" mbele yake, anaweka alama na kugeuza ukurasa. Alichothibitisha ni theluthi ya alichokichagua. Kosa hili hutambulika kirahisi wakati wa kusahihisha mazoezi: majibu yaliyokosewa huwa na kauli chache kuliko jibu sahihi, na karibu kila mara kauli iliyosahauliwa ni ya mwisho. Anayekosea kwa upande wa pili, akichagua "I, II na III" mara nyingi kuliko inavyofaa, ana tatizo lile la Ruzizi: anakubali majina bila kuyahoji.

Baadhi ya kauli zina sehemu mbili zilizounganishwa kwa "kwa sababu", nazo zinahitaji kupasuliwa. Kauli isemayo "Mlima Kilimanjaro una barafu kileleni kwa sababu uko mbali na Ikweta" ina mwanzo wa kweli na mwisho wa uongo, maana mlima huo uko takriban nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, na barafu yake inatokana na urefu wa mlima. Kauli yote ni S. Hata sehemu zote mbili zikiwa za kweli, bado kuna swali la tatu: je, moja ndiyo inayosababisha nyingine? Mwandishi wa swali aliyeishiwa mitego mingine hupenda kujificha hapo.

Katika hisabati na fizikia kipimo hubadilika. Hapo swali mara nyingi halisemi "kauli zipi ni sahihi" bali "kauli zipi lazima ziwe sahihi", na neno "lazima" hubeba uzito wote. Chukua swali hili:

Ikiwa n ni namba nzima isiyogawanyika kwa mbili na ni kubwa kuliko 1, kauli zipi lazima ziwe kweli?

I. n² ni namba witiri.
II. n + 2 ni namba tasa.
III. n + 1 ni namba shufwa.

Mwanafunzi anajaribu n = 3. Mraba wake ni 9, witiri. Tatu kuongeza mbili ni 5, namba tasa. Tatu kuongeza moja ni 4, shufwa. Kauli zote tatu zimepita. Anajaribu n = 5: 25, kisha 7, kisha 6. Zimepita tena. Hapa wengi huweka alama kwenye "I, II na III" na kuendelea. Lakini n = 7 inatoa 9 kwa kauli ya pili, na 9 ni tatu mara tatu. Kauli ya pili imevunjika, na kuvunjika mara moja kunatosha.

Namba zilizokubali hazithibitishi kitu; ile moja iliyokataa ndiyo yenye neno. Kwa hiyo katika maswali ya "lazima", kazi ya mtahiniwa kwa kila kauli ni kutafuta namba ya kuivunja, si namba ya kuiunga mkono. Aende kwa makusudi kwenye namba zenye tabia ya kuharibu mambo: sifuri, moja, namba hasi, sehemu iliyo chini ya moja, au kama hapa, namba inayokaribia kizidisho cha tatu. Kauli ya kwanza na ya tatu hazivunjwi na namba yoyote, na sababu yake inaonekana bila kujaribu: witiri mara witiri daima ni witiri, na witiri ikiongezwa moja daima hufika kwenye shufwa. Jibu ni "I na III tu", na safari hii kauli mbili zimekubaliwa kwa hoja na moja imekataliwa kwa mfano.

Kauli zikishahukumiwa, ndipo machaguo yanapopata nafasi yao, na hapo muundo wake unaweza kusema mengi. Mfano wa wazi unatoka kwenye mitihani ya udaktari ya Marekani. Bodi ya kitaifa ya watahini wa tiba nchini humo ilikuwa na maswali ya kauli nne ambayo yote yalitumia ufunguo mmoja: A ilimaanisha 1, 2 na 3 tu, B, 1 na 3 tu, C, 2 na 4 tu, D, 4 tu, na E, zote nne. Uangalie ufunguo huo kwa makini. Kauli ya kwanza imo katika A, B na E. Kauli ya tatu imo katika A, B na E vilevile. Zinatembea pamoja kila mahali. Aliyejua kwamba ya kwanza ni kweli alikuwa ameishajua kwamba ya tatu ni kweli bila kuisoma, na aliyejua kwamba ya tatu ni uongo alikuwa amebakiwa na C na D, yaani kilichobaki kupimwa ni kauli ya pili tu. Daktari mtarajiwa angeweza kupata alama ya swali la figo kwa kuufahamu ufunguo kuliko figo. Bodi hiyo iliachana na maswali ya namna hii, na siri hiyo ya ufunguo ilikuwa moja ya sababu, pamoja na muda mrefu yaliyouchukua.

Ufunguo wa Cambridge katika kemia ulikuwa na sura nyingine. Katika sehemu ya pili ya karatasi, maswali kumi ya mwisho yalitumia machaguo yale yale: A, kauli zote tatu ni sahihi, B, 1 na 2 tu, C, 2 na 3 tu, D, 1 tu. Mtahiniwa aliambiwa waziwazi kwamba hakuna mchanganyiko mwingine utakaokuwa jibu. Maana yake, kauli ya kwanza ikiwa uongo, jibu ni C papo hapo. Ya pili ikiwa uongo, jibu ni D papo hapo. Zote mbili zikiwa kweli, ya tatu ndiyo inayoamua kati ya A na B. Tuseme swali linahusu atomi za kaboni-12 na kaboni-14, na kauli zinasema atomi hizo zina idadi sawa ya (1) protoni, (2) elektroni, (3) nyutroni. Protoni ni sita kwa zote mbili, la sivyo isingekuwa kaboni. Elektroni nazo ni sita, kwa kuwa atomi haina chaji. Nyutroni ni sita kwa moja na nane kwa nyingine. K, K, S: jibu ni B.

Katika ufunguo huo "1 na 3 tu" haipo kabisa, na kutokuwepo kwake kuna manufaa ambayo wanafunzi wengi hawayatumii. Mtahiniwa aliyepima kauli na kupata K, S, K amepata jibu lisilowezekana. Hiyo ni habari njema, kwa sababu mtihani wenyewe unamwambia kwamba kuna hukumu moja aliyokosea, na bado ana nafasi ya kuirekebisha. Asichague tu chaguo linalofanana na lake. Arudi kwenye kauli aliyokuwa na shaka nayo zaidi na kuisoma upya neno kwa neno. Hapa ndipo alama za kuuliza zinapolipa. Aliyekwisha kuandika K na S kila mahali kwa kulazimisha hajui arudi wapi.

Mtego wa kinyume chake ni kuyaamini machaguo kupita kiasi. Wapo wanaofundisha kuhesabu ni kauli ipi imetokea mara nyingi zaidi katika machaguo na kuichukulia kuwa ya kweli. Machaguo yakiwa "I tu", "I na II tu", "I na III tu" na "I, II na III", ni kweli kwamba kauli ya kwanza imo kote na haina haja ya kupimwa. Mtunzi ameitoa bure. Lakini hiyo ni mantiki, siyo kuhesabu. Pale ambapo kauli imetokea mara tatu kati ya nne, hesabu hiyo haina nguvu yoyote, kama Ruzizi ilivyoonyesha: kauli ya pili ilikuwa katika machaguo matatu na ilikuwa ya uongo. Vivyo hivyo kwa ushauri wa kukataa kila kauli yenye "zote", "daima" au "kamwe". Kauli isemayo seli zote zina utando ni ya kweli, na mwenye kanuni hiyo ataikataa.

Lini basi mtahiniwa akisie? Inategemea kama jibu baya linakatwa alama. Mahali ambapo hakuna makato, swali lisiachwe wazi hata mara moja. Mchujo wa India una makato, na hesabu yake ni mfano mzuri. Karatasi ya kwanza ina maswali 100, alama 200 na saa mbili, yaani alama mbili kwa swali na sekunde 72 za kulijibu. Jibu baya hupunguza theluthi moja ya alama za swali. Anayekisia kati ya machaguo manne bila kujua chochote, kwa wastani hapati wala hapotezi: faida ya mara moja huliwa na hasara ya mara tatu. Akiweza kufuta chaguo moja tu, wastani unageuka kuwa faida ndogo, kama alama 0.2 kwa swali. Akifuta mawili, faida inapanda hadi karibu alama 0.7. Kwa swali la kauli, kujua kauli moja tu kwa uhakika hufuta machaguo mawili mara nyingi, wakati mwingine matatu. Kwa hiyo mwenye uhakika wa kauli moja ana sababu ya kujibu, na mwenye alama tatu za kuuliza ana sababu ya kuliacha swali na kuokoa sekunde zake.

Watunzi wa India waliliona hilo. Katika mchujo wa mwaka 2023 maswali mengi hayakuuliza tena kauli zipi ni sahihi, yaliuliza ni ngapi zilizo sahihi, na machaguo yakawa "moja tu", "mbili tu", "zote tatu" na "hakuna hata moja". Badiliko ni dogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Kujua kwamba kauli ya pili ni uongo sasa hufuta chaguo moja tu, "zote tatu". Kujua kwamba ni kweli hufuta "hakuna hata moja". Mwanafunzi wa Uvira na Ruzizi wake angebaki na machaguo matatu. Ili kujibu kwa uhakika lazima kila kauli ijulikane, na kupima moja moja si mbinu tena bali ndiyo njia pekee iliyobaki.

Hata hivyo mtindo huo nao una kasoro. Makosa mawili yanaweza kufutana. Kama kauli sahihi ni I na III, na mtahiniwa akaamini ni I na II, amekosea kauli mbili kati ya tatu, lakini hesabu yake inafika mbili na anapata alama kamili. Swali la "I na III tu" lisingempa kitu. Mtahini amefunga mlango wa kufuta machaguo na kufungua dirisha la kukosea kwa bahati njema.

Mwisho ni shina la swali lenyewe. Neno "si" au "isipokuwa" likiwemo, kama katika "kauli zipi si sahihi?", alama za K na S pembeni zinabaki vilevile, kinachobadilika ni kundi linalotafutwa. Wanaojaribu kugeuza hukumu ndani ya kichwa wakati wa kupima kila kauli huchanganyikiwa kwenye ya pili au ya tatu. Ni rahisi kupima kweli na uongo kama kawaida, kulizungushia duara neno "si" mwanzoni, halafu kutafuta chaguo lenye S zote.

Anayejiandaa kwa mtihani wa namna hii achukue karatasi za miaka iliyopita, afunike machaguo kwa kipande cha karatasi, na aandike K, S au alama ya kuuliza kwa kila kauli kabla ya kuyafunua. Wakati wa kusahihisha asihesabu maswali aliyopata, ahesabu kauli. Maswali ishirini ya kauli tatu yana kauli sitini za kupimwa, na kauli zilizokosewa huonyesha mada ya kurudia kwa uwazi ambao alama ya jumla haiwezi kuutoa. Zile zilizowekwa alama ya kuuliza zisomwe tena kitabuni. Zile zilizowekwa K kwa uhakika na zikawa uongo zisomwe kwanza.